Mpango wa mwaka mbele ya bodi ya sacco: jinsi ya kuutayarisha mpaka maswali ya tageti na matumizi yasikukute uchi

Mara ya kwanza kupeleka mpango wa mwaka kwa bodi yetu nilikuwa na karatasi safi kabisa imeandikwa "kuongeza wanachama kwa asilimia 20", na mweka hazina wetu, mzee mstaafu wa bandarini ambaye kalamu haimtoki mfukoni, akaniuliza tu, "Asilimia 20 ya nini, mwanangu?" Nikamjibu ya wanachama mzee. "Walio kwenye daftari au wanaochanga?" Hapo ndo nikaishiwa, manake daftari lilikuwa na watu 980 na wanaochanga kila mwezi walikuwa 700, na mimi hesabu yangu niliipiga kwa daftari. Ukitumia daftari asilimia 20 ni watu 196, ukitumia wanaochanga ni 140. Tofauti ya watu 56 na sikuwa najua kama nimeahidi ipi. Mkutano wenyewe uliendelea saa mbili zaidi lakini mimi nilikuwa nishamalizwa palepale.

Nimerudi mbele ya bodi hiyo mara kadhaa tangu siku ile, na hapa nitawaandikia vile nafanya sasa. Mfano nitakaotumia ni mpango wetu wa 2026 tuliopeleka Novemba 2025. Sacco yetu ni ndogo, iko kisiwani Mombasa, wanachama wengi ni watu wa mahoteli, magodauni na walimu wa shule za binafsi. Namba nimezizungusha kidogo lakini hesabu zake zinafungana. Kama wewe uko kwa kamati ya msikiti, shule au chama cha wavuvi, badilisha majina ya vitu tu, njia ni ileile.

Anza na mwaka unaoisha, na uanze na aibu yako

Wiki nane kabla ya mkutano natoa namba halisi. Watu wengi huchukua Januari mpaka Septemba, wanagawanya kwa 9 halafu wanazidisha kwa 12, na hapo tayari wameshakosea kwa sababu huku kwetu Desemba haifanani na Mei hata kidogo. Mimi nachukua miezi 12 iliyopita kamili, Oktoba mpaka Septemba, hivyo kila msimu umeingia mara moja na hakuna cha kukisia.

Kwenye miezi hiyo tulikuwa tumeahidi wanachama wapya 200 tukaleta 131. Sasa hii namba usiizike ukurasa wa sita ukitumaini hawataiona, wataiona tu, na atakayeiona ndiye atakayeuliza kwa sauti ya kukuvua nguo. Mimi naiweka mwanzo kabisa: tuliahidi 200, tumeleta 131, pungufu 69. Halafu sababu, lakini sababu yenye namba, sio "hali ya uchumi". Yetu ilikuwa hivi: afisa wa kuandikisha aliacha kazi Juni na nafasi yake ikakaa wazi wiki 10, na pia kuna mwajiri mmoja ambaye wafanyakazi wake 24 walijaza fomu lakini makato ya mshahara hayakuanza mpaka leo. Ile 24 ni watu wanahesabika, wiki 10 ni wiki zinahesabika. Zilizobaki nilisema wazi kwamba lengo lenyewe la 200 lilikuwa la kukisia. Bodi ikisikia hivyo kutoka kwa mdomo wako, lile swali la "kwa nini tukuamini mwaka huu" linakuwa jepesi, manake unaendelea moja kwa moja kuonyesha lengo la safari hii limetoka wapi.

Tageti irudishe nyuma mpaka ifike kwenye kazi ya siku moja

Hapa ndo pa kukaa. Lengo ambalo huwezi kulirudisha mpaka kwenye kitu mtu anafanya Jumatano asubuhi, hilo ni dua.

Nilikaa na rejista ya afisa wa kuandikisha. Kwa mwaka mzima alifanya ziara 38 kwenye sehemu za kazi, mikutano midogo ile ya kantini au uwanjani. Kwenye ziara hizo fomu zilizochukuliwa ni 412, na waliorudisha fomu wakachanga miezi 3 mfululizo ni wale 131. Yaani katika kila watu watatu wanaochukua fomu, mmoja ndiye anaingia, na kila ziara kwa wastani inazaa watu 3 na kitu. Sasa ukitaka wanachama 300, kama alivyokuwa anataka mwenyekiti, unahitaji ziara kama 87. Afisa mmoja haziwezi, nilimuuliza mwenyewe akacheka. Ziara moja kwa wiki anaiweza, hiyo ni 52, na 52 inakupa watu kama 180. Basi lengo ni 180, na mtu akiuliza mbona isiwe 300 jibu liko tayari: 300 inataka mtu wa pili, na mtu wa pili ana bei yake, tuizungumze.

Kabla ya kwenda mbele andika maana ya neno. Kwenye mpango wetu kuna sentensi moja inasema "mwanachama mpya ni aliyechanga miezi 3 mfululizo". Mwenye fomu tu hahesabiki. Inauma kidogo kwa sababu namba inaonekana ndogo na inachelewa, lakini inafunga ule mlango ambao mzee wa bandarini aliingilia kunimaliza. Na angalia pia wanaotoka: kwetu walitoka 44 mwaka huo, kwa hivyo 131 kwa kweli ni ongezeko la 87. Usipoisema wewe ataisema mtu wa kamati ya usimamizi, hao kazi yao ndo hiyo.

Alafu usigawanye kwa 12. 180 kwa 12 ni 15 kila mwezi, inapendeza machoni lakini ni uongo. Ramadhani ya 2026 inaanzia katikati ya Februari mpaka Machi, na ziara zetu nyingi ni saa ya chakula cha mchana au saa kumi jioni, sasa mchana hakuna kantini na jioni kila mtu anakimbilia futari. Ikipita hiyo unaingia Aprili mpaka Juni, mvua za masika, mahoteli ya Nyali na Bamburi yanapunguza vibarua, na mtu ambaye hajui kama atakuwa na kazi mwezi ujao hafungui akaunti ya akiba. Kwa hivyo tuliweka hivi: robo ya kwanza 30, ya pili 30, ya tatu 65, ya nne 55. Jumla 180. Faida yake utaiona Julai. Ukiwa umegawanya sawa, mwisho wa Juni ulitakiwa kuwa na 90, una 60, umefeli na mkutano unakuwa wa mahakama. Kwa mgawanyo wa msimu una 60 na ulisema 60.

Matumizi: kila mstari uwe na idadi, bei na miezi

Kosa la kawaida ni kuchukua bajeti ya mwaka jana na kuongeza asilimia 10 kila mahali. Mjumbe yeyote aliyewahi kuendesha duka atauliza mbona stesheneri imepanda asilimia 10 na wewe hutakuwa na jibu. Kwenye Excel kila mstari wangu una safu ya idadi, safu ya bei ya moja, safu ya miezi, na jumla inajihesabu yenyewe:

```
=B5*C5*D5
```

Hakuna jumla iliyochapwa kwa mkono. Mtu akisema "hii punguza" unabadilisha kisanduku kimoja mbele yake na yote inashuka.

Mfano mkubwa ulikuwa kaunta ya Likoni. Wanachama wa ng'ambo walikuwa wanalalamika kila siku kwamba kuvuka feri kuja kujaza fomu ya mkopo ni kupoteza nusu siku ya kazi, na mimi nilikuwa naitaka sana hiyo kaunta, nakiri. Nikaiandika kwa mwaka: kodi 22,000 kwa mwezi ni 264,000. Karani mmoja mshahara 38,000 kwa mwezi, ni 456,000. Hapa wengi wanasahau sehemu ya mwajiri: NSSF asilimia 6 ni 2,280, tozo ya nyumba asilimia 1.5 ni 570, NITA shilingi 50, jumla 2,900 kila mwezi, kwa mwaka 34,800. SHIF ile 2.75 inakatwa kwa mfanyakazi tu kwa hivyo usiiweke upande wako. Intaneti 42,000, tokeni za umeme 36,000, leseni tuliyoulizia 15,000, meza na kompyuta na kibao 165,000, na diposti ya nyumba miezi miwili 44,000. Jumla 1,056,800.

Diposti iandike pembeni. Pesa inatoka benki kweli lakini sio gharama, siku ukihama inarudi, na kompyuta nayo mhasibu ataieneza kwa miaka kadhaa. Mjumbe anayejua vitabu akiona umezichanganya zote kwenye matumizi ya mwaka mmoja atajua hujakaa na mhasibu wako.

Sasa swali zito kuliko yote: kaunta italipa lini? Mimi nilitaka kuandika "itaongeza mapato". Nashukuru nilikaa kwanza nikapiga hesabu. Gharama za kila mwezi, ukiacha leseni na za mara moja, ni 69,400. Kwetu mwanachama mpya hakopi mpaka achange miezi 6, na mapato yetu ni riba ya mikopo, asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Maana yake kodi na mshahara vinaanza mwezi wa kwanza na riba ya kwanza inaonekana mwezi wa saba. Mkopaji mdogo wa kwetu kwa wastani analeta kama shilingi 300 za riba kwa mwezi. 69,400 gawanya kwa 300, unahitaji wakopaji 232 wa Likoni peke yao ndo kaunta ijilishe, na hapo bado hujawalipa wanachama chochote kwa akiba zao mwisho wa mwaka. Watu 232 wakati sacco nzima lengo letu ni 180! Nilifunga laptopu nikaenda kunywa kahawa tungu.

Peleka saizi tatu, sio moja

Sikuitoa Likoni kwenye mpango, niliipeleka kwa saizi tatu. Kubwa ni hiyo ya 1,056,800 na nikaandika wazi kwamba haitajilipa 2026. Ndogo ni kutofanya kitu, na hasara yake ni wanachama wa ng'ambo wanaoacha kuchanga, hao tunao kwa majina. Ya kati: chumba cha kushirikiana siku mbili kwa wiki kwa 6,000 kwa mwezi, ni 72,000, karani wetu wa sasa anavuka Jumanne na Alhamisi, nauli na chakula 500 kwa siku mara siku 104 ni 52,000 (feri yenyewe kwa mwenda kwa miguu ni bure), na vifaa vya kuanzia 30,000. Jumla 154,000.

Nikaweka na sharti: ikifika mwisho wa Agosti tuna wanachama 40 wa Likoni waliochanga miezi 3 mfululizo, narudi kuomba saizi kubwa, isipofika tunafunga na hasara yetu inajulikana. Bodi hupenda sharti la namna hii kuliko hotuba ndefu, kwa sababu wanapewa usukani mkononi. Katibu wetu, mama mmoja mkali lakini wa haki, akauliza, "Na siku karani yuko Likoni, hapa kaunta anakaa nani?" Nilikuwa nimelitazamia, nikatoa rejista ya wageni: Jumanne na Alhamisi ndizo siku zenye watu wachache, na mhasibu msaidizi atakaa kaunta mpaka saa saba. Akatikisa kichwa akaandika.

Maswali mengine ambayo yatakuja, jiandae nayo hivi

"Mishahara imepandaje hivi?" Usijibu kwa asilimia, jenga ngazi. Kwa saizi kubwa ilikuwa: mwaka jana 3,600,000, nyongeza ya kawaida asilimia 5 ni 180,000, karani wa Likoni na michango yake 490,800, tunafika 4,270,800. Ukisema tu "imepanda karibu asilimia 19" chumba kinawaka moto, lakini ukiwaonyesha ngazi wanaona kwamba watu waliopo wamepata 5 na kilichobaki ni uamuzi wao wenyewe kuhusu Likoni. Wakichagua saizi ya kati ile ngazi ya tatu inaondoka yote.

"Tukikata laki tatu utakata wapi?" Hili linakuja karibu kila mwaka, na jibu baya kabisa ni "tutapunguza kidogo kidogo kila mahali". Nenda na orodha ya kukata iliyopangwa tayari, cha kwanza kuondoka mpaka cha mwisho, na mbele ya kila kimoja kitakachopotea. Kwetu cha kwanza kilikuwa kupaka rangi ofisi, 120,000, hakuna lengo linaloguswa. Cha pili fulana na mabango, 90,000. Cha tatu nauli ya ziara, 100,000, na hapo nikaandika "ziara zinashuka kutoka 52 mpaka 34, lengo linashuka kutoka 180 mpaka karibu 117". Wakitaka kukata hapo ni haki yao lakini lengo lishuke siku hiyohiyo kwenye karatasi hiyohiyo. Kukatiwa pesa ukabaki na tageti ya zamani ndo mtego unaowala mameneja wengi, na wanajiwekea wenyewe kwa kunyamaza.

"Mengineyo 240,000 ni nini?" Huo mstari ufute kabla hawajauona. Weka akiba ya dharura, sisi tuliweka asilimia 3 ya matumizi, na uandike nani anaifungua: kwetu ni mwenyekiti na mweka hazina kwa sahihi mbili.

Kuna lile swali lisiloulizwa kwa sauti, posho za bodi yenyewe na safari za mafunzo. Ziweke kwenye mstari wake zenyewe, idadi ya vikao mara wajumbe mara posho, usizifiche ndani ya gharama za ofisi ukidhani unawasitiri. Bajeti hii itafika mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, na huko mtu wa nyuma kabisa aliyesimama mlangoni ndiye atauliza. Mimi huongea na mwenyekiti faragha kabla, "Bwana mwenyekiti, mstari huu umepanda, utauelezea wewe au mimi?" Mwaka huo alichagua kuupunguza.

Siku kumi za mwisho na siku yenyewe

Karatasi zifike kwa wajumbe siku 7 mpaka 10 kabla, zilizoprintiwa, manake wazee wetu hawasomi jedwali kwenye WhatsApp na wakilazimika watakuja wamekasirika. Kurasa tatu tu: ya kwanza tunachoomba na namba kubwa, ya pili malengo kwa robo, ya tatu matumizi na orodha ya kukata. Marefu yote yakae kwenye faili nyuma.

Alafu nenda ukamwone mweka hazina. Mimi humkuta mzee baada ya Alasiri, tunakaa barazani na kahawa na kashata, nampa karatasi na kunyamaza. Anachouliza pale barazani ndicho angeniuliza mbele ya watu. Safari hii aliuliza mbona riba tumeihesabu kama kwamba kila mtu analipa kwa wakati, na alikuwa sawa, nikaenda kupunguza makisio ya mapato kabla ya kikao. Huku sio kuhonga wala kupika mkutano, ni kumheshimu mtu asikutane na jambo zito mara ya kwanza mbele ya wenzake.

Kwenye kikao ongea dakika 15, zisizidi. Sentensi ya kwanza iwe ombi lenyewe: "Bodi inaombwa kuidhinisha matumizi ya kiasi hiki, lengo la wanachama 180, na saizi ya kati ya Likoni kwa sharti la Agosti." Watu wakijua wanaamua nini wanasikiliza vizuri.

Na usikisie. Mwaka wa pili wangu niliulizwa mikopo iliyochelewa ni asilimia ngapi, nikatupa "kama 4 hivi", mhasibu aliyekaa kando yangu karatasi yake ilikuwa na 7, na yule aliyekaa karibu naye akaiona. Kila namba niliyotaja baada ya hapo ilipimwa upya, hata zile za kweli. Siku hizi nasema, "Namba hiyo sina hapa mzee, nitaileta Alhamisi kabla ya saa sita", naiandika mbele yao, na Alhamisi inafika. Mhasibu pia namwambia mapema maswali ya vitabu ni yake, asinisubiri mimi nibabaike kwanza.

Kabla watu hawajainuka, muombe katibu asome maamuzi kwa namba: kiasi kilichopita, lengo lililobaki baada ya makato, sharti na tarehe yake. Mwaka mmoja hatukufanya hivyo, minits zikaandikwa "mpango ulipitishwa na marekebisho", na mpaka Mei tulikuwa bado tunabishana marekebisho yenyewe ni yapi. Safari hii tulitoka na 154,000 ya Likoni, rangi ya ofisi imekatwa, 180 imebaki, na mzee wa bandarini akaniambia mlangoni ripoti ya Januari aione ifikapo tarehe 10 Februari, safu zilezile, mpangilio uleule, nisimletee karatasi mpya ya kujifunza tena.